Tupeane uzoefu: nani amepanga jiko, sinki na friji katika jikoni nyembamba akafanikiwa?

Mama Wawili, Tabata

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu. Jikoni kwangu kuna upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 3.4. Mlango wa sebuleni uko upande mmoja wa ufupi na mlango wa uani uko upande wa pili, kwa hiyo kila anayekwenda uani kuanika nguo hupita katikati ya mapishi yangu. Fundi aliniambia kwamba jikoni nzuri lazima iwe na pembetatu, yaani sinki, jiko na friji vitazamane kwa pembe tatu. Akajenga kaunta mbili, moja kila upande, na kila moja ina kina cha sentimita 60. Akaweka sinki kushoto karibu na mlango wa uani, jiko la gesi kulia, na friji kulia karibu na sebule.

Sasa hesabuni wenyewe nafasi iliyobaki katikati. Ni sentimita 60 tu. Nikifungua mlango wa oveni siwezi kusimama mbele yake, bali nasimama ubavuni na kuinama kwa mgongo uliopinda. Jumapili iliyopita nilikuwa nageuka na sufuria ya viazi vilivyochemka ili nimwage maji kwenye sinki, na wakati huohuo binti yangu akaingia kutoka uani na beseni. Tuligongana kwa viwiko. Maji yalimwagika sakafuni na hayakumpata mtu, lakini tangu siku hiyo sipiki nikiwa na amani. Ninataka kubomoa upande mmoja. Nibomoe upi?

Msomaji wa Tanga

Pole sana, dada. Yangu ni hivyohivyo.

Seremala wa Kimara

Mimi hutengeneza makabati ya jikoni, na ningependa kumtetea fundi kidogo kabla ya kumlaumu. Pembetatu aliyoitaja ipo kweli. Ilifanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, katika miaka ya 1940, na vipimo vyake vinavyotumika mpaka leo ni kwamba kila upande wa pembetatu uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na pande zote tatu zikijumlishwa zisizidi takriban mita 8. Kosa la fundi ni kuichukua pembetatu na kusahau ujia. Kaunta zikitazamana, ujia unahitaji mita 1 hadi 1.2, na sentimita 90 ni mwisho wa kubana. Maana yake chumba chenye kaunta mbili za sentimita 60 kinahitaji upana wa mita 2.1 kwa uchache. Chumba chako hakifiki.

Ushauri wangu ni kubomoa kaunta ya kulia na kupanga kila kitu kwenye ukuta mmoja.

Kijana wa Ubungo

Mstari mmoja hauwezi kuwa pembetatu, hiyo ni hesabu ya darasa la nne. Halafu nilivyoelewa mimi, vituo vikikaribiana ndivyo kazi inavyopungua, kwa hiyo msogezee sinki na jiko vigusane na tatizo limekwisha.

Bibi wa Magomeni

Mwanangu, uko sahihi nusu. Niliishi miaka sita katika nyumba ya kupanga ambayo sinki na jiko viligusana. Hatua zilikuwa chache, ni kweli, lakini hapakuwa na mahali pa kukatia kitunguu. Nilikatia juu ya magoti. Maji ya sinki yaliruka kwenye karai la mafuta, na mpini wa sufuria ulining'inia juu ya vyombo vichafu. Hatua mbili za ziada zina faida kama katikati yake kuna mahali pa kuweka ubao na bakuli.

Seremala wa Kimara

Bibi amelisema jambo ambalo hata sisi mafundi hulisahau. Kazi nyingi ya mpishi hufanyika kati ya sinki na jiko, kwa sababu hapo ndipo tunapomenya, tunapokata, tunapopepeta na kukanda. Katika jikoni nyembamba mimi hutafuta kwanza kipande hicho, sentimita 70 au zaidi bila kukatizwa, kisha ndipo nahesabu pembetatu.

Kwa chumba cha Mama Wawili ningepanga hivi kwenye ukuta wa kushoto, kuanzia sebuleni kwenda uani. Friji yenye upana wa sentimita 55 ipewe nafasi ya 65 ili ipumue pande zote mbili. Ifuate kaunta ya sentimita 35 ya kutua vitu vinavyotoka kwenye friji, kisha sinki lenye sehemu ya kuchuja vyombo, sentimita 80. Hapo ndipo ije kaunta ya kazi ya sentimita 70, halafu jiko la sentimita 60, na mwishoni kaunta ya sentimita 30 ili jiko lisibanane na mlango wa uani. Jumla ni mita 3.4 kamili. Ukipima kutoka katikati ya kituo hadi katikati ya kingine, friji hadi sinki ni kama mita 1.1, sinki hadi jiko ni mita 1.4, na jiko kurudi kwenye friji ni mita 2.5. Pembetatu imelala chini ikawa mstari, ni kweli, lakini safari nzima ni mita 5, na hakuna anayegeuka na sufuria ya moto kuvuka njia ya watu.

Ukuta wa kulia uwekwe rafu za kina cha sentimita 30 peke yake, kwa unga, mchele na sahani. Ujia utabaki sentimita 90. Jambo moja dogo ni bawaba za mlango wa friji. Ziwe upande wa sebuleni, ili mlango ukifunguka uitazame kaunta. Zikiwa upande wa pili, kila ukitoa maziwa utauzunguka mlango.

Mpishi wa Likoni

Nimesoma habari ya kuvuka ujia na sufuria ya moto nikatetemeka, na naomba mnivumilie nieleze. Ilikuwa Ramadhani, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Jiko langu lilikuwa ukuta wa kulia na hapakuwa na hata shubiri moja ya kaunta kando yake, kwa sababu mlango wa stoo ulianza pale jiko lilipoishia. Kila nilichoepua ilinibidi nikivushe hadi kaunta ya kushoto. Nilikuwa nimemaliza kukaanga sambusa, na karai la mafuta nikaliinua kwa vitambaa viwili ili nilitue ng'ambo. Hatua ilikuwa moja tu, moja! Mtoto wa kaka yangu akaja mbio kutoka uani akifukuzana na mwenziwe. Nilimwona, nikainua karai juu ili lisimfike kichwani, na mafuta yakanirudia mimi, kwenye mkono na juu ya mguu wa kushoto. Nilisikia ngozi kabla ya kusikia maumivu. Nililala hospitali siku kumi na moja, na Idi ile niliswali nimekaa.

Kwa hiyo sinki likae mnapotaka, friji ikae hata sebuleni, lakini jiko liwe na kaunta pande zote mbili, hata sentimita 30, ili karai liteleze kando bila kuvushwa popote.

Msomaji wa Tanga

Subhanallah. Pole mno, dada yangu.

Kijana wa Ubungo

Pole sana, dada. Ukiungua hivyo, dawa ya meno hutuliza haraka.

Muuguzi wa Dodoma

Hapana, tafadhali usiwashauri watu hivyo. Dawa ya meno, mafuta na unga hushika joto na kuchafua kidonda. Mimina maji safi ya kawaida kwa dakika 20, vua pete na bangili kabla ya uvimbe, kisha mpeleke mgonjwa hospitali.

Kijana wa Ubungo

Nimeelewa, nashukuru kwa kunirekebisha.

Mama Wawili, Tabata

Dada wa Likoni, nimeisoma habari yako mara mbili, na imenimalizia shaka. Kaunta ya kulia nitaibomoa. Seremala, naomba unieleze jambo moja. Bomba la maji machafu sasa linatoka karibu na mlango wa uani, na mpango wako unalisogeza sinki zaidi ya mita moja na nusu. Je, halitaziba?

Seremala wa Kimara

Litaziba kama bomba litalazwa bila mteremko. Hesabu sentimita 2.5 za kushuka kwa kila mita, kwa hiyo kwa mita 1.6 unahitaji kama sentimita 4. Ikiwa ukuta wa kushoto ndio wa nje, usilipitishe bomba nyuma ya makabati. Litoboe ukuta moja kwa moja chini ya sinki, kisha litembee nje hadi kwenye chemba, mahali ambapo unaweza kulifungua na kulizibua. Dalili ya mteremko mbaya ni sinki linalotoa mlio wa kububujika na maji yanayosita kabla ya kwenda.

Na kabla ya fundi kugusa nyundo, chora mpango wote sakafuni kwa chaki, upike mlo mmoja ukifuata michoro hiyo.

Mzee wa Mbagala

Mimi sikubaliani na mpango wa seremala, ingawa hesabu zake ni sahihi. Huko walikobuni pembetatu hiyo, maji hutoka bombani saa zote. Kwetu maji hutoka siku mbili kwa wiki, na siku nyingine mke wangu huchota kwenye pipa kwa kata. Kituo cha maji nyumbani kwangu ni pipa, na pipa liko mlangoni kwa uani. Mchele na unga havikai kwenye friji, vinakaa stoo. Samaki huparwa uani. Ukipima kutoka sinki hadi friji, unapima safari ambayo hakuna anayeifuata. Sinki lingebaki karibu na mlango wa uani, na jiko ndilo lisogezwe ndani.

Seremala wa Kimara

Mzee, jiko likisogezwa ndani litakaa karibu na friji, na friji haipendi joto. Moshi wa mapishi nao utaingia sebuleni.

Mzee wa Mbagala

Weka kabati jembamba la sentimita 30 kati yao. Moshi una dirisha.

Mwenye Swali

Samahani, jikoni kwangu kuna kona yenye pembetatu iliyobaki baada ya kupiga ukuta mshazari. Naweza kuweka friji hapo?

Bibi wa Magomeni

Hiyo ni pembetatu ya ukuta, mwanangu, si hii tunayoizungumza. Friji haitaingia konani ikafunguka. Weka rafu za vyungu.

Mama Wawili, Tabata

Nimerudi. Jana nilichora kwa chaki nikapika wali, maharage na mchicha, na binti yangu alikaa mlangoni akipiga mstari kwenye daftari kila nilipokwenda mahali. Kwenye friji nilikwenda mara 3. Kwenye rafu ya mchele, chumvi na viungo mara 9. Kwenye maji mara 17, na kati ya hizo 11 nilichota kwenye ndoo kwa sababu bomba lilikuwa kavu. Ndoo ilikuwa chini, pale mpango wa seremala unaposema kaunta ya sentimita 30 ya mwisho, upande wa pili wa jiko, kwa hiyo kila mara nilipita mbele ya moto.

Mzee wa Mbagala ameniweka njia panda. Nimefikiri kuacha wazi nafasi chini ya ile kaunta ya kazi ya sentimita 70, ndoo mbili zenye mifuniko zikae hapo, kati ya sinki na jiko, bila kabati. Seremala, je, kaunta hiyo itasimama bila ukuta wa tofali chini yake ikiwa juu ni zege?

Seremala wa Kimara

Sentimita 70 zitasimama, mradi nondo zipite hadi kwenye kuta za tofali za pande zote mbili. Nipimie kwanza urefu wa ndoo pamoja na mkono wako ukiwa umeshika kata. Kaunta ya sentimita 90 ukitoa unene wa zege inakuachia kama 80, na sina hakika kama utachota bila kuivuta ndoo nje.