Tupeane uzoefu: uliombaje likizo kwa kutaja sheria bila bosi kuona umemtangazia vita?

Naanza mimi. Nipo stoo ya kampuni binafsi Dar, mzunguko wangu wa likizo uliisha 31 Machi na kila nikiomba naambiwa subiri mzigo upungue. Barua ya kwanza niliianza na "kwa mujibu wa kifungu cha 31 nina haki ya siku 28", meneja akaiweka kando akaniuliza kwani nimeshaenda kwa mwanasheria? Iliniuma maana nilikuwa naomba kupumzika tu. Ya pili nikaandika hivi:

"Naomba likizo ya siku 28 kuanzia 4 Agosti, au kama kazi haitaruhusu basi 25 Agosti, ili tubaki ndani ya ile miezi sita ya kifungu cha 31 inayoisha 30 Septemba. Mwenzangu wa zamu ya mchana amekubali kushika funguo na daftari la mzigo."

Ikasainiwa siku ya tatu. Nyie mlifanyaje?

Mama Chanja: Umepatia hapo kwenye "tubaki". Nimekaa masijala na utumishi miaka 11, barua inayokwama ni ile inayomwambia mwajiri amekosea. Kumbuka sheria yetu ya ajira ya 2004 inampa yeye kupanga lini uende, ila asivuke miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Kwahiyo ukimletea tarehe mbili unamwachia nafasi yake ya kupanga, na kifungu kinakuwa kalenda tu.

kijana_wa_mbagala: Mi nilidai 28 za kazi, nikatoa Jumamosi na Jumapili zote, wakanikatalia wazi wazi. Dhuluma hii.

Mama Chanja: Hapana mwanangu, ni 28 mfululizo, wikiendi zimo na sikukuu ikiangukia humo imo pia. Ukikosea hesabu ndani ya barua yenye kifungu wanaacha kukuamini hata pale ulipo sahihi.

Otis254: Huku Kenya ni 21 lakini hizo ni za kazi, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira 2007. Mimi huweka namba ya kifungu kwenye mstari wa mwisho kabisa, baada ya kueleza nani atanishikia kazi.

baba_mapacha: Samahani, mke wangu kajifungua jana, mimi nipo Mwanza, hiyo miezi sita inanihusu?

Mama Chanja: Hongera baba! Hiyo ni nyingine, yako ni siku tatu na lazima uzichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, peleka barua leo leo, mistari miwili inatosha.

stoo_mkuu: Mimi bosi aliniomba kwa mdomo tusogeze mpaka mwezi wa tisa tangu mzunguko uishe, nikanyamaza. Najua inafika hadi miezi 12 mfanyakazi akikubali na kazi ikidai kweli, ila kunyamaza kwangu ndo kukubali?

Mama Chanja: Kwangu mimi siyo, ila nimeona maofisa wawili wakibishana hilo hilo. Mwandikie leo kwa upole, "kama tulivyozungumza, naomba tuweke tarehe", utunze nakala.