Kumwondolea mtu ofa ya kazi kwa meseji ya watsapu siku saba kabla hajaanza: waajiri wa Mtwara na Lindi, hii ni dharau

Shangani Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, someni kwanza hii. Imetumwa jana Jumatatu tarehe 27 Oktoba, saa 11 jioni, kwa kijana wa hapa Mtwara mjini aliyekuwa aripoti ghalani Masasi tarehe 3 Novemba. Ameruhusu niiweke, majina nimeyatoa.

"Habari. Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu nafasi yako imesitishwa kwa sasa. Tutakujulisha mambo yakikaa sawa. Asante kwa uelewa wako."

Uelewa upi? "Imesitishwa kwa sasa" maana yake nini? Aende Masasi Jumatatu au asiende? Chumba alichokwisha kulipia aendelee kukishikilia au aachie? Hakuna jina la nafasi, hakuna tarehe ya barua ya ofa, hakuna jina la aliyetuma, wala namba ya mtu wa kuulizwa. Namba yenyewe ni ya dada wa mapokezi, na yeye hajui lolote.

Kijana alipopiga ofisini akaambiwa kwa mdomo kwamba bajeti ya msimu ilikatwa kwenye kikao cha tarehe 9 Oktoba. Hapo ndipo damu inapochemka. Ofa ilitoka tarehe 29 Septemba, akaikubali kwa maandishi tarehe 1 Oktoba, na tarehe 2 akampa bosi wake wa zamani notisi ya siku 28. Notisi inaisha keshokutwa, Alhamisi tarehe 30. Hawa watu wamekaa na habari yao siku 18! Wangesema tarehe 10, notisi ingekuwa na siku nane tu, na bosi wa zamani huenda hata tangazo hajabandika. Bajeti kukatwa siyo kosa la mtu. Hizo siku 18 ni kosa la mtu.

Kibatari

Mkuu hao wamekwisha. Huko ni kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, na sheria ya ajira ya 2004 inataka watoe taarifa, wakae kikao cha mashauriano, walipe na kiinua mgongo. Aende CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, moja kwa moja.

Kalamu Nyeusi

Kibatari, umeshika ncha moja ya kamba. Utaratibu wa kupunguza wafanyakazi umewekwa kwa ajili ya watu walioko kazini. Kiinua mgongo nacho kinahitaji mtu awe amefanya kazi mfululizo angalau miezi 12, huyu hajafanya hata siku moja. Akienda na madai hayo atarudishwa mlangoni.

Alichonacho ni kitu kingine. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ofa unaweza kuiondoa kabla mwenzako hajakujibu kwamba ameikubali. Huyu alijibu tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo tangu siku ile hapakuwa tena na ofa ya kuondoa. Palikuwa na mkataba, na anayeuvunja anawajibika kwa hasara iliyotokana na kuuvunja. Isipokuwa kama barua ya ofa ilikuwa na sharti, kwa mfano "ajira hii inategemea kupatikana kwa fedha za mradi". Shangani, iangalie hiyo barua, hasa mistari ya chini ambayo watu hawaisomi.

Shangani Juu

Nimeiona yote, kurasa mbili. Sharti ni vipimo vya afya na wadhamini tu, na vyote alishapeleka. Neno fedha liko kwenye mshahara pekee.

Meneja wa Lindi

Nitatukanwa lakini niseme. Sisi huku msimu ukiyumba, bajeti inabadilika usiku mmoja. Na wakili anakwambia andika kidogo iwezekanavyo, kila neno litasomwa mbele ya hakimu. Ndiyo maana mnaona meseji fupi. Siyo dharau, ni woga.

Kalamu Nyeusi

Meneja, nakuelewa, na wakili wako ana haki kwenye jambo moja: usiandike usichoweza kukithibitisha. Lakini ufupi wa kuficha ndio unaoleta kesi. Ukiandika "sababu zilizo nje ya uwezo wetu", kijana atadhani mdhamini wake kamsema vibaya, au vipimo vya hospitali ya Ligula vimeonyesha kitu. Halafu wiki tatu baadaye anaona tangazo la kazi ileile. Hapo hata kama bajeti ilikatwa kweli, hakuna atakayekuamini.

Kinachotakiwa ni simu kwanza, barua baadaye siku hiyohiyo. Apige aliyesaini ofa. Kwenye simu, ukishasema habari yenyewe, swali lako la kwanza liwe: umeshatoa notisi unakofanya kazi? Kama bado, umemwokoa. Kama ameshatoa, mwulize inaisha lini, na mwambie utamwandikia leo leo barua ya kumwonyesha bosi wake kwamba kazi imekosekana kwa sababu ya bajeti, si kwa kosa lake. Bosi asiyejua sababu atafikiri umemkataa mtu baada ya kumchunguza, na yeye pia hatamrudisha.

Barua ningeiandika hivi, nikitumia habari za huyu kijana:

"Ndugu …,

YAH: KUTOENDELEA NA AJIRA YAKO YA MSIMAMIZI WA GHALA, MASASI

Tunasikitika kukujulisha kwamba hatutaweza kukuajiri katika nafasi tuliyokupa kwa barua ya tarehe 29 Septemba, ambayo uliikubali tarehe 1 Oktoba. Tafadhali usisafiri kuja kuripoti tarehe 3 Novemba.

Tarehe 9 Oktoba bajeti yetu ya msimu ilipunguzwa, na nafasi yako ni miongoni mwa zilizofutwa. Uamuzi huu haukutokana na usaili wako, vyeti vyako, afya yako wala wadhamini wako. Tulipaswa kukwambia wiki ileile. Kuchelewa ni kosa letu na tunakuomba radhi.

Tutakurudishia gharama ulizoingia kwa ajili ya kazi hii: vipimo vya afya, nauli na kodi ya chumba. Tuletee risiti au picha zake hadi Ijumaa tarehe 7 Novemba, nasi tutalipa kabla ya Ijumaa tarehe 14 Novemba. Kwa kuwa uliacha kazi kwa kutegemea barua yetu, pamoja na malipo hayo tutakulipa pia kiasi sawa na mshahara wa mwezi mmoja, Sh 850,000 kabla ya makato.

Vyeti vyako halisi viko kwa afisa utumishi. Unaweza kuvichukua siku yoyote ya kazi, au tutavituma Mtwara kwa gharama yetu.

Hatujui kama nafasi hii itarudi, hivyo usiache kutafuta kazi nyingine kwa kutusubiri. Ikirudi kabla ya tarehe 30 Aprili tutakupigia wewe kwanza, bila usaili mwingine.

Kwa swali lolote nipigie mimi mwenyewe kwa namba iliyo hapa chini. Kupokea malipo haya hakukuzuii kudai haki nyingine unayoamini unayo."

Kisha jina, cheo na saini ya yuleyule aliyesaini ofa. Haifiki hata kurasa mbili.

Meneja wa Lindi

Mpaka kwenye vyeti niko nawe. Ile sentensi ya mwisho, hapana. Nimlipe mwezi mzima halafu nimfungulie na mlango wa kunishitaki? Mimi ningetaka asaini kwamba hana dai jingine, ndipo achukue hela.

Kalamu Nyeusi

Tenganisha mambo mawili. Nauli na vipimo ni pesa yake, ameitoa mfukoni kwa maelekezo yako. Kumwambia asaini kwanza ndipo umrudishie chake ni kumbana mtu aliyekwisha kubanwa. Ule mwezi mmoja ni maafikiano, na hapo mnaweza kuandikiana kwamba mmemalizana, akipewa siku mbili tatu za kuisoma na kumwuliza mtu. Mimi ningeiacha ile sentensi, wewe unaweza kuiona kwa namna nyingine. Ila usiiguse ile ya "kuchelewa ni kosa letu". Hiyo ndiyo inayomtuliza mtu kuliko hela.

Meneja wa Lindi

Hiyo ndiyo wakili ataikata ya kwanza.

Mama Nangurukuru

Na mimi naomba msaada jamani. Nilipigiwa simu Ijumaa, "hongera umepata, barua inakuja". Leo kimya na simu hawapokei. Na mimi nidai mwezi mmoja?

Kalamu Nyeusi

Dada yangu, kesi yako ni tofauti na ya huyu. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa na nguvu, ila utathibitishaje mshahara uliotajiwa na tarehe ya kuanza? Waandikie leo meseji fupi: "Ijumaa mlinijulisha nimepata nafasi fulani, naomba barua ya ofa." Wakijibu, hata kwa neno moja, una maandishi. Na kama una kazi, notisi usiiguse mpaka barua iwe mkononi.

Kibatari

Sawa, nimekubali la kiinua mgongo. Lakini CMA si bado wanaweza kumsikiliza?

Kalamu Nyeusi

Hapo pana mabishano ya kweli. Upande mmoja unasema hajaanza kazi, kwa hiyo ni dai la mkataba tu, liende mahakama ya kawaida. Upande wa pili unasema sheria ya ajira inamtaja mfanyakazi kuwa ni mtu aliyeingia mkataba wa ajira, na huyu aliingia tarehe 1 Oktoba. Nimeona watu wazito wakiwa pande zote mbili. Ninachokazia ni siku: dai la kuachishwa lina siku 30, madai mengine siku 60. Ahesabu ile fupi, tangu jana, maana yake mwisho ni tarehe 26 Novemba. Aende ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapohapo Mtwara akiwa na barua ya ofa, jibu lake la kukubali, nakala ya notisi na hiyo meseji. Wakisema si kwao, atajua mapema.

Shangani Juu

Asante sana Kalamu. Swali la risiti: vipimo anayo ya Sh 45,000, nauli ya kwenda na kurudi kuangalia chumba Sh 24,000 ana tiketi. Kodi ya miezi mitatu, Sh 180,000, alimpa mwenye nyumba mkononi, hakuna karatasi.

Kalamu Nyeusi

Ampigie mwenye nyumba leo, kwa mambo mawili. Kwanza aombe arudishiwe, maana chumba hakijalaliwa, na akirudisha hata miezi miwili basi dai linabaki Sh 60,000. Huwezi kudai hasara ambayo ungeweza kuipunguza ukakaa tu. Pili, akikataa, aandike kwa mkono kwamba alipokea kiasi hicho, tarehe fulani, kwa chumba fulani, asaini. Ikibidi, mwenyekiti wa mtaa aweke muhuri.

Na bosi wa zamani je? Notisi ina siku mbili bado, inaweza kufutwa wakikubaliana.

Shangani Juu

Amekwenda asubuhi hii. Bosi hakuwa mkali, amemsikiliza vizuri tu. Ila nafasi wameshampa mtu mwingine, amesaini tarehe 20.