Naomba ushauri: mtoto shingo imelala upande, mazoezi ya kunyoosha ni mara ngapi kwa siku?

MamaWawili_Tanga: Habari za jioni wakuu. Mwanangu shingo imelalia kushoto, kidevu kinatazama kulia. Mazoezi ya kunyoosha nayajua, nilifundishwa kliniki: sikio la kulia liguse bega la kulia, halafu kidevu kigeuke kushoto. Swali langu ni moja tu. Mara tatu kwa siku zinatosha au niongeze? Naona hayasaidii na nimeanza kukosa usingizi. Tafadhali wenye uzoefu tu.

Mzee wa Fuso: Mto huo dada. Mimi niliamka Segera shingo haigeuki, nikaendesha mpaka Moshi natazama kioo kimoja tu. Trafiki akaniuliza kwa nini namkazia macho. Siku ya tatu ikaachia yenyewe. Mtoe mto.

Kijukuu: Shingo ya kumchungulia anayekudai hiyo 😂

Mama Swabra: Mtoto ana umri gani? Wangu alizaliwa ametanguliza makalio, wiki ya tatu nikapapasa shingoni nikakuta kitu kigumu kama karanga. Nikalia nikijua ni saratani. Kumbe ni msuli umejeruhiwa na kufanya kovu. Tulikuwa tunamnyoosha kila tukibadilisha nepi, mmoja anashika mabega, mwingine kichwa, taratibu mpaka nihesabu ishirini. Akilia sana tunaacha. Karanga iliyeyuka miezi ya katikati huko, shingo ikanyooka. Walimpima na nyonga, wanasema hivyo viwili hupenda kufuatana. Usikate tamaa dada.

MamaWawili_Tanga: Asante Mama Swabra, na mimi niliambiwa hivyo hivyo, mpaka hiyo karanga. Bado mdogo.

Fizio Mstaafu: Mdogo wa miezi mingapi? Uvimbe upo sasa hivi? Na ukimnyoosha analia kwa kukereka au kwa maumivu?

MamaWawili_Tanga: Analia, watoto wote hulia. Jamani nimeuliza mara ngapi kwa siku. Jumamosi namleta na mkandaji wa Muheza, kanyoosha watoto wengi, nimeshampa elfu ishirini ya kumfunga. Sitaki mabishano.

Bi Mkubwa: Wanangu, zamani tulimkanda mtoto siku arobaini kwa maji ya moto, hizi shingo hatukuzijua. Siku hizi mtoto analazwa chali kutwa, mama yuko kwenye simu.

Fizio Mstaafu: Shikamoo Bi Mkubwa. Zilikuwepo, ila zilifichwa na kilemba na kanga. Nimewaona watu wazima wenye uso uliokua upande mmoja mdogo kuliko mwingine kwa sababu msuli haukunyooshwa utotoni. Ukianza mwezi wa kwanza karibu wote hupona kwa mazoezi tu. Ukianza baada ya miezi sita kazi inakuwa ndefu, na mtoto akipita mwaka bado amekaza, daktari wa upasuaji huanza kuzungumziwa. Ndiyo maana nang'ang'ania umri, dada.

Mtunza Kumbukumbu: Wakuu, msihangaike. Huyu huyu mwezi wa tatu aliandika hapa ana mtoto wa wiki tano mwenye uvimbe shingoni. Mwezi wa saba akaja kushukuru, kapona kabisa. Leo kapinda tena? Hii ni chai, tena imekolea tangawizi. Wiki ijayo italetwa namba ya kuchangia.

Kijukuu: Nimeleta maandazi 😂😂

Mzee wa Fuso: Nirudishie ushauri wangu wa mto.

MamaWawili_Tanga: Mungu anawaona. Sijaomba hata shilingi. Yule wa wiki tano ni mdogo, na kweli kapona. Jina langu hamlisomi? Nina WAWILI. Aliyepinda ni dada yake, ana miaka sita. Sikusema kwa sababu nilijua mtaanza kunitisha. Shingo ni ile ile, upande ule ule, nikaona mazoezi ni yale yale.

Fizio Mstaafu: Acha mazoezi. Usiku huu, usimguse shingo. Alianza lini, na kabla ya hapo aliumwa nini?

MamaWawili_Tanga: Leo siku ya kumi na mbili. Kabla alikuwa na mafindofindo, homa siku nne, akapewa dawa za duka la karibu akamaliza. Homa ilipoisha akaamka shingo iko hivi. Nikasema kalala vibaya. Mazoezi ni siku tano tu, na namfanyia kwa upole.

Mama Swabra: Miaka sita?! Mimi nimekuambia habari za nepi dada.

Fizio Mstaafu: Mama, nisikilize bila hasira. Papasa kwa ncha za vidole tu, bila kumgeuza, ule msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio kushuka kwenye mtulinga. Wa upande upi umekaza?

MamaWawili_Tanga: Wa kulia. Kushoto kumelegea. Hilo hata mimi lilinishangaza, kwa mdogo ulikuwa huu huu wa kushoto.

Fizio Mstaafu: Basi hapo ndipo watoto wako walipotofautiana. Kwa mdogo, msuli mfupi wa kushoto ndio uliokivuta kichwa kushoto, na unaurefusha. Kwa huyu, kichwa kimelalia kushoto lakini uliokaza ni wa kulia, kama unahangaika kukirudisha. Hiyo hunifanya niwaze pingili mbili za juu kabisa za shingo. Uvimbe wa koo hulegeza kano zinazozishika, ya kwanza ikateleza juu ya ya pili na kukwama imegeuka. Mfaransa Grisel aliieleza mwaka 1930 na bado inatufikia kila msimu wa mafindofindo. Kumnyoosha au kumkanda mtoto wa namna hiyo ni kusukuma mfupa jirani na uti wa mgongo. Sisemi ndiyo hiyo, huwezi kujua bila picha. Jipu nyuma ya koo nalo hupindisha shingo hivi hivi. Anameza vizuri? Hadondoshi mate? Mikono na miguu ina nguvu?

MamaWawili_Tanga: Anameza, anakimbia. Ila akicheza anashika kichwa kwa mkono. Mkandaji ana miaka thelathini kwenye kazi lakini.

Jicho Moja: Msisahau macho. Mpwa wangu alipindisha kichwa miaka miwili, fizio wawili walimnyoosha bure. Daktari wa macho akamziba jicho moja, kichwa kikanyooka hapo hapo. Alikuwa anakwepa kuona vitu viwili viwili.

Fizio Mstaafu: Kweli kabisa, ila hiyo haiji na maumivu ndani ya usiku mmoja. Mama, asubuhi nenda hospitali ya mkoa, sema maneno haya: shingo imepinda ghafla baada ya mafindofindo, leo siku ya kumi na mbili. Taja siku. Ndani ya wiki ya kwanza mara nyingi kola laini na dawa ya maumivu na uvimbe hutosha. Ikipita wiki wanaweza kumlaza na kumvuta kichwa kwa uzito mdogo. Ikipita mwezi inaweza kugoma, tukaishia kwenye upasuaji. Akianza kushindwa kumeza, homa ikirudi au miguu ikilegea, usisubiri asubuhi.

Mtunza Kumbukumbu: Mimi bado natilia shaka, ila kama ni kweli, pole dada.

MamaWawili_Tanga: Wakuu, niko kwenye benchi la hospitali tangu saa moja. Eksirei ya kupitia mdomoni imeshindikana, hakuweza kupanua. Wamemfunga kola, siti skani ni kesho. Daktari kauliza nani alikuwa anamnyoosha, nikanyamaza, baadaye nikasema. Mkandaji kanirudishia elfu kumi, hiyo nyingine anasema ilishanunua mafuta ya nazi.

Mzee wa Fuso: Mafuta ya elfu kumi? Dai hata chupa.