Naomba ushauri: masharti ya msambazaji wa vifuniko, nikaze wapi na nilegeze wapi?

Habari za kazi wadau. Nipo idara ya manunuzi kwenye kiwanda cha juisi cha ukubwa wa kati. Msambazaji wa vifuniko vya chupa ametuletea masharti yake ya kawaida, nasi tumeyarudisha yakiwa na marekebisho mekundu karibu kila ukurasa. Mwanasheria wao amejibu kwamba tuchague machache ya msingi, mengine hawatayagusa.

Yanayoninyima usingizi ni mawili. Kasoro iripotiwe ndani ya siku 3 tangu mzigo upokelewe, wakati kifuniko kisichobana hujulikana juisi ikishachacha dukani, wiki kadhaa baadaye. Pili, fidia yao haivuki bei ya vifuniko vibovu. Kifuniko ni senti tu. Hasara yetu ni juisi, chupa na gharama ya kurudisha mzigo kutoka madukani.

Mengine naona yanaweza kuwa chambo: mzigo kubaki mali yao hadi tulipe (sisi hulipa kwa wakati), usuluhishi kufanyika mjini kwao, hata malipo ya siku 45 kushuka hadi 30. Bosi, kama kawaida ya wahasibu, anang'ang'ania hizo 45.

Maswali yangu: wakikubali siku 30 tangu kasoro iliyojificha igundulike, je, nilegeze kwenye ukomo wa fidia, au bila kuupandisha ukomo huo, ushindi wa kwanza ni bure? Na ukomo wenyewe, mmezoea kuupima kwa thamani ya oda moja au ya manunuzi ya mwaka?