"Tulihitaji jina lako, si wewe": hiki chama cha mdahalo na tangazo lake wanitoke kabisa!

Mkunja_Shati (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi, mikono bado inatetemeka, mkiona herufi zimerukaruka mjue sababu.

Lile tangazo mmeliona wote. Limebandikwa kila ukuta, hadi mlango wa choo cha maktaba: "UNA SAUTI? SISI TUNA JUKWAA! Hakuna uzoefu unaohitajika. Wote mnakaribishwa. Nafasi ni chache. Mwisho wa kujaza fomu Ijumaa saa 10 jioni." Mimi mwaka wa kwanza, mgeni, nikaamini. Wote tunakaribishwa halafu nafasi ni chache, hapo nilipaswa kushtuka, lakini nilikuwa na kiu ya jukwaa.

Ijumaa saa 9 na dakika 50 nimejaza fomu. Jumatano nimepiga pasi shati, nimeandika hoja zangu kwenye vikadi sita, nimefanya mazoezi mbele ya kioo hadi mwenzangu wa chumbani akahama kitanda. Nafika ukumbini nakuta watu tisa. TISA! Wamekaa duara, wana makabrasha, wananitazama kama mtu aliyekuja kudai deni la marehemu.

Nikasalimia. Nikasema nimekuja kwa lile tangazo. Ndipo yule bwana (mnamjua, yule wa tai, tai inayotangulia kufika kabla yake) akasema, tena anafungua chupa ya maji, hata hajaniangalia: "Aah, asante kwa kujaza. Ila sisi tulihitaji jina lako, si wewe."

Jina langu. Si mimi.

Akafungua chupa, akanywa, akafunga kifuniko. Nilikisikia kile kifuniko kikilia krr krr krr, ukumbi mzima kimya, na mimi nimesimama na vikadi vyangu sita kama mchungaji aliyekosea kanisa. Jina langu waende nalo, si ndiyo? Basi mimi mwenyewe niende wapi?

Sina swali. Nimekuja kulalamika tu. TULIHITAJI JINA LAKO, SI WEWE. Nitaambia wajukuu.

---

Kifuniko_Krr

Nimesajili akaunti mpya kwa ajili ya uzi huu pekee 😂😂 Mkuu, vikadi SITA?

---

Bibi_Mapema

Pole mwanangu. Ila kupiga pasi shati kwa ajili ya kikao cha watu tisa, hapo umejitakia mwenyewe.

---

Nauliza_Tu

Samahani, fomu bado iko wazi? Natafuta chama cha mdahalo muda mrefu. Naomba kiungo.

---

Mkunja_Shati

@Nauliza_Tu umesoma nilichoandika?? Utapeleka jina, wewe ubaki nyumbani!

---

Nauliza_Tu

Sawa, hamna shida. Kiungo?

---

Katibu_Mstaafu

Mdogo wangu, pole. Nimekuwa katibu wa chama cha wanafunzi miaka miwili, chuo kingine, kwa hiyo nikwambie kilichotokea, maana naona unadhani ulitukanwa kwa bahati mbaya.

Chama cha wanafunzi hakiishi milele. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo kinaandikishwa upya kwa ofisi inayosimamia wanafunzi. Unapeleka katiba, majina ya viongozi, saini ya mlezi na orodha ya wanachama. Orodha ina idadi ya chini. Kwetu ilikuwa majina 30, kila jina na namba ya usajili na saini. Yakipungua, hamna ukumbi, hamna ruzuku, hamruhusiwi hata kubandika tangazo. Kwetu ukumbi mkubwa walipewa wenye orodha ndefu, kwa hiyo hakuna aliyeridhika na 30.

Sasa rudi kwenye fomu uliyojaza. Ilikuuliza nini?

---

Mkunja_Shati

Jina, namba ya usajili, mwaka wa masomo, simu, saini.

---

Katibu_Mstaafu

Haikuuliza siku gani una nafasi. Haikuuliza kama umewahi kusimama mbele ya watu, au unapendelea kuzungumza, kuamua au kupanga muda. Tangazo nalo halikutaja siku ya kikao, ukumbi, wala utafanya nini wiki ya kwanza. Lilitaja kitu kimoja tu kwa usahihi: Ijumaa saa 10. Ile si saa ya kukupokea wewe. Ni saa ya ofisi kufunga dirisha la kupokea orodha.

Anayetafuta watu anakuambia njoo wapi. Anayetafuta majina anakuambia mwisho lini. Nimeandika matangazo ya aina zote mbili, naona aibu hadi leo.

Na uelewe hili pia: ile meza ya wiki ya kuwapokea wageni watu wanasaini kama wanavyochukua vipeperushi. Kwetu walisaini zaidi ya mia, kikao cha kwanza wakaja kama arobaini, katikati ya muhula tukabaki kumi na tano, tena kumi na tano walewale wa mwaka uliopita. Yule wa tai amezoea kwamba hakuna anayekuja. Wewe ukaja. Alishtuka kuliko wewe.

---

Kifuniko_Krr

Kwa hiyo alikunywa maji kwa mshtuko. Krr krr krr.

---

Mkunja_Shati

Hakushtuka! Mtu aliyeshtuka hafungi kifuniko taratibu namna ile! Alikizungusha mara tatu, nimehesabu.

---

Sheria_Mfukoni

Mkuu usilie, lipa kisasi. Wewe jina lako liko kwenye orodha, kwa hiyo ni mwanachama kamili. Itisha mkutano wiki ijayo, akidi ni nusu ya wanachama, piga kura ya kutokuwa na imani, yule wa tai anang'oka saa hiyo hiyo.

---

Katibu_Mstaafu

@Sheria_Mfukoni umegusa jambo zuri kisha ukaliangusha. Akidi si nusu kila mahali, ni ile iliyoandikwa kwenye katiba ya chama husika. Mkutano maalumu nao hauitishwi na mtu mmoja mwenye hasira. Kwetu ilitakiwa barua yenye saini za wanachama na notisi ya siku 14. Na uanachama wenyewe una mjadala: katiba nyingine zinasema mwanachama ni aliyejiandikisha, nyingine ni aliyejiandikisha na kulipa ada. Mleta uzi, ulilipa?

---

Mkunja_Shati

Tangazo liliandika "bure kabisa".

---

Sheria_Mfukoni

Bure maana yake ada imesamehewa, kwa hiyo kalipa.

---

Katibu_Mstaafu

Au bure maana yake hakuna ada, kwa hiyo hakuna wanachama. Aombe katiba aisome, nakala lazima iwe ofisini.

Ila hapo kwenye akidi ndipo utamu ulipo, wacha niwape kisa chetu. Mwaka wangu wa pili tulikuwa na tamaa, tukakusanya majina 214. Tukapata ukumbi mkubwa, tukajiona wakubwa. Ukafika mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka, wa kuchagua viongozi wapya. Katiba yetu ilidai theluthi moja ya wanachama. Theluthi ya 214 ni 71 na kipande, kwa hiyo tunahitaji watu 72. Tulihesabu vichwa ukumbini: 31, na wawili kati yao walikuja kuchaji simu.

Uchaguzi ukafa. Tukaahirisha wiki moja, wakaja 26. Zipo katiba zinazosema kikao kilichoahirishwa, waliohudhuria ndio akidi. Yetu haikusema kitu. Mlezi akakataa kusaini. Watia saini wa akaunti ya benki walikuwa wanahitimu, na benki haibadilishi watia saini bila muhtasari wa mkutano uliowachagua wapya. Hela ya chama ikakaa benki muhula mzima, tunaiona kwenye karatasi, hatuigusi. Tungeandikisha arobaini wa kweli, akidi ingekuwa 14 na tungemaliza kabla ya chai.

Kwa hiyo usihangaike na kura ya kutokuwa na imani. Kama orodha yao imejaa majina ya kina wewe na katiba yao ni kama yetu, watakutafuta wenyewe mwisho wa mwaka. Kwa simu uliyowaandikia.

---

Mkunja_Shati

Wakinipigia nitawaambia mnahitaji mimi, au jina langu?

---

Bibi_Mapema

Hilo ndilo la maana umeandika leo. Liweke kwenye kikadi cha saba.

---

Mbeba_Viti

Afadhali wewe walitaka jina. Mimi chama cha maigizo walitaka mgongo. Tangazo: "Onyesha kipaji chako, jukwaa linakusubiri!" Kweli lilikuwa linanisubiri, likiwa limefungwa kamba kwenye gari. Muhula mzima nimebeba mbao na viti. Siku ya onyesho nikapewa nafasi ya kuvuta pazia, na upande mmoja tu, upande wa pili alipewa mtoto wa dada yake mwongozaji.

---

Lenzi_Moja

Nyie mnalalamika nini? Chama cha upigaji picha: wanachama 60, kamera MOJA, na hiyo kamera ni ya mwenyekiti, na mwenyekiti haruhusu iguswe. Tunajifunza upigaji picha kwa kumwangalia yeye akipiga.

---

Kifuniko_Krr

@Lenzi_Moja na kifuniko cha lenzi nacho kinalia?

---

Mbeba_Viti

@Lenzi_Moja angalau kamera ni nyepesi.

---

Kimya_Kimya

Mimi niko kwenye ile duara ya watu tisa. Sitasema nani. Alichosema mwenyekiti si sawa, wengine tuliinamisha vichwa. Lakini mleta uzi hajawaambia kwamba baada ya hapo alisimama akasoma vikadi vyote sita. Vyote. Dakika kumi na moja. Mtunza muda alipiga kengele mara nne.

---

Bibi_Mapema

WEEE!

---

Sheria_Mfukoni

😂😂😂 mleta uzi jitokeze ujibu tuhuma.

---

Mkunja_Shati

Nilikuwa nimejiandaa! Na hoja ya tatu walitikisa vichwa, Kimya_Kimya akiwa mkweli aseme!

---

Kimya_Kimya

Ya tatu ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini mashindano ya mwezi ujao timu imeshapangwa tangu mwaka jana, na hilo ndilo lilikuwa tatizo la siku ile. Tangazo aliliandika mtu mwingine kabisa, sisi wenyewe tulilikuta ukutani.

---

Katibu_Mstaafu

Swali moja, Kimya_Kimya. Mlikusanya majina mangapi?

---

Lenzi_Moja

Wakati mnasubiri jibu: jana mwenyekiti wetu kaweka kamera kwenye begi, begi kalifunga na kufuli. KUFULI.

---

Mbeba_Viti

Sisi kufuli tunalo la stoo, ufunguo nabeba mimi, pamoja na stoo.

---

Mkunja_Shati

Jamani uzi ni wangu.

---

Nauliza_Tu

Hiki chama cha maigizo bado kinachukua watu? Mgongo ninao.