"Raghiba an": turn down, give up au turn away from?

Mwalimu wa Ng'apa
Assalaam alaikum wanajamvi. Vijana wangu wa madrasa hapa Lindi wanasoma pia Kiingereza cha sekondari, nami nimewapa watafsiri ile hadithi ya watu watatu: mmoja atasali usiku kucha, wa pili atafunga daima, wa tatu hataoa. Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba yeye hufunga na hufungua, husali na hulala, na huoa. Kisha akamalizia: *faman raghiba an sunnati falaysa minni*, yaani mwenye *raghiba an* sunna yangu si wangu. Kwenye *raghiba an* darasa limegawanyika kati ya hizo tatu za kichwani. Ninyi mngechukua ipi?

Korosho Newala
Mwalimu, hata moja haifai. Raghiba ni kutaka, ndiyo hii raghba yetu ya Kiswahili. Mnunuzi aliyeniandikia kwa Kiarabu alisema *narghabu fi shirai* korosho, na kweli alizitaka. Sasa anayeitaka sunna anakataliwaje?

Bint Mikindani
Kaka, ya mnunuzi wako ina *fi*, ya mwalimu ina *an*. Mbona sisi tunamkimbilia mtu, na mwingine tunamkimbia? Mimi nasema give up. Wameiacha sunna, basi.

Mzee wa Kilwa Masoko
Bi Mikindani, hilo la kukimbilia umelipatia. Give up ndiyo sikubaliani nayo. Mtu husema give up smoking kwa sababu alikuwa anavuta. Wale watatu hawakuwa wameanza jambo wakaliacha. Waliona njia ya Mtume haiwatoshi, wakataka kushika nyingine.

Turn down nayo inadai kuwepo kitu kilichotolewa mkononi, kama posa, kazi au bei. Hapa hakuna aliyewapa ofa wakaikataa. Turn away from ndiyo inayobeba kuipa kitu mgongo ukaelekea kwingine, na *an* inafanya kazi hiyohiyo. Waambie vijana wasiidondoshe from, mwalimu. Turn away peke yake, ukiifuatisha jina la mtu, ni kumrudisha mlangoni.

Tena wanayo ya kulinganisha vichwani mwao tangu utotoni. Mwisho wa Alam nashrah ni *wa ila rabbika farghab*. Kitenzi kilekile, sasa kimeshikana na *ila*: umwelekee Mola wako kwa maombi. Kiingereza chake turn to. Turn to na turn away from zikae ubaoni pamoja. Ya *fi* msiitafutie turn yoyote. Want au wish inatosha.

Korosho Newala
Ahsante mzee. Kwa hiyo mnunuzi akighairi ataniandikia *narghabu an*?

Mzee wa Kilwa Masoko
Hapana, barua za biashara za siku hizi huandika *la narghabu fi*. *Raghiba an* utaikuta zaidi kwenye vitabu na hotuba. Bei yako akiikataa ataandika *rafadhna al-ardh*, na hapo turn down inakaa barabara.

Bint Mikindani
Nimeiacha give up. Ila vijana watakwama kwenye kiwakilishi: Mwingereza husema turn it down, neno linaingia katikati. Kwenye turn away from it haliingii. Kiarabu hakina habari hiyo, ni *anhu* tu, kiwakilishi kinang'ang'ania harfu jarri. Anayefuata Kiarabu neno kwa neno ataandika turn down it.

Mwalimu wa Ng'apa
Hilo wameshaandika wengi, dada! Mzee, nina swali la ziada. Aya ya 127 ya Nisaa, kuhusu mayatima wa kike: *wa targhabuna an tankihuhunna*. Kijana mmoja ameiandikia turn away from kwa kuwa ameiona *an*.

Mzee wa Kilwa Masoko
Hiyo *an* ni ya hamza, si ya aini. Ni ile inayotangulia kitenzi, na harfu jarri yenyewe imeangushwa, kama Kiarabu kinavyoruhusu mbele yake. Ukikadiria *fi*, maana ni mnataka kuwaoa. Ukikadiria *an* ya aini, hamtaki kuwaoa. Wafasiri wametaja zote mbili, na hali zote mbili zilikuwepo: walezi walimtaka yatima mwenye mali na uzuri, wakamwepuka asiye navyo. Kijana amefika kwenye kauli mojawapo bila kujua.

Korosho Newala
Basi Kiingereza kiandike zote mbili.

Mzee wa Kilwa Masoko
Kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachobeba kutaka na kutotaka sikijui. Mimi ningeweka want juu na ile ya pili chini kama tanbihi.

Bint Mikindani
Mimi ningegeuza, mzee. Aya inasema pia kwamba hawapewi walichoandikiwa, na anayenyimwa haki yake naona zaidi ni yule asiyetakwa.

Mzee wa Kilwa Masoko
Hata anayetakwa alikuwa akipunjwa mahari, binti yangu.

Mwalimu wa Ng'apa
Nitawapa zote mbili waandike, kila mmoja atetee yake Jumamosi.