Tupeane uzoefu: umekloni diski kongwe kwenda SSD kubwa, C ikakataa kutanuka

mtoto_wa_kwerekwe: Assalaam alaykum wana. Jirani kaniletea laptopu yake leo, kaitoa diski ya GB 500 kakloni kwenda SSD ya TB 1, Windows imewaka vizuri tu lakini C inasoma GB 464 vilevile kama zamani. Kwenye Disk Management GB 465 zipo pale mwisho zimeandikwa Unallocated, ukibofya C ile Extend Volume imefifia haibonyezeki. Nani yamemkuta haya na akayamaliza vipi?

kitumbua_moto: Yamenikuta hayohayo wallahi, mpaka leo naitumia hivyohivyo nusu.

babu_malindi: Hiyo diski iko MBR ndo maana. Igeuze GPT itatanuka.

binti_mkunazini: Babu hapo hapana. MBR inakwama ukipita TB 2, huyu ana TB 1. Kwerekwe hebu tazama baina ya C na hiyo nafasi tupu, utakuta kijipande cha Recovery cha MB 500 na ushei. Windows inaitanua C kwa nafasi iliyogusana nayo upande wa kulia tu, haiwezi kuruka kijipande. Na kukloni kunanakili mpangilio kama ulivyo, kwa hiyo Recovery imekuja kukaa palepale ilipokuwa, mgongoni mwa C.

Mie huwa naitoa. Kwanza diski kongwe ichomolewe kabisa usije ukafuta kwenye siyo, halafu fungua Command Prompt kwa ruhusa ya Administrator:

```
reagentc /disable
diskpart
list disk
select disk 0
list partition
select partition 4
delete partition override
exit
```

Hiyo 4 usiikopi kwangu, soma ya kwako kwenye `list partition`, iliyoandikwa Recovery. Usishangae namba zikizidi unazoziona Disk Management, kuna kipande cha MB 16 kule hakionekani. Ikishafutika rudi Disk Management, Extend Volume itakuwa imewaka, tanua, mwisho andika `reagentc /enable`. Faili la rikava lilishahamia kwenye C ulipoandika disable, halipotei.

babu_malindi: Kufuta rikava ni kujitakia balaa, siku Windows ikigoma kuwaka utashika nini? Bora GParted kwenye fleshi, unaisogeza mpaka mwisho wa diski basi.

binti_mkunazini: Kuisogeza ni sawa pia, ila kwanza andika `powercfg /h off` halafu zima Windows kabisa, GParted haiigusi C iliyolala nusu. Na ukimaliza angalia `reagentc /info`, mara nyengine inakuwa imezimika.

karafuu_wete: Mmenikumbusha GParted nna donge nalo mie. Laptopu ya dada yangu ilikuwa na C na D, D ndo ina picha zote za harusi na mahesabu ya duka, na D imekaa katikati ya C na nafasi mpya. Kaka yetu akasema rahisi, tunaisukuma D kulia halafu C inatanuka. D ile ilikuwa na GB 300, kuisukuma ni kuihamisha yote kipande kwa kipande, masaa na masaa, na betri ya laptopu ilishakufa zamani inaishi kwa chaja. Umeme ukakatika katikati. Ulivyorudi D haifunguki, inaomba iformatiwe. Na diski kongwe kaka kaiformati asubuhi ileile, kaitia kwenye kava iwe ya kuwekea sinema. Dada alilia siku ile mpaka mama akahama chumba.

kitumbua_moto: Ya Rabbi. Mkazipata?

karafuu_wete: Picha kiasi tulizitoa kwenye ile kongwe kwa PhotoRec maana alikuwa hajaijaza, bila majina, zimechanganyika. Mahesabu hayajapatikana.

mzee_chwaka: Kaka mtu ana kesi huyo!!

karafuu_wete: Muacheni kaka, aliisaidia nyumba. Umeme ndo ulofanya.

binti_mkunazini: Pole sana Wete. Umeme ukikatika wakati wa kukloni diski kongwe inasomwa tu haiandikwi, unaanza upya. Kusogeza patisheni ndo kunapoua. Kwa D yenu ningeitanua C bila kusukuma kitu: unafuta D ya kwenye SSD, unatanua C, unaunda D mpya mwisho, unazinakili data upya kutoka kongwe. Na kongwe inakaa kabatini mwezi mzima haiguswi.

sukari_ya_mahonda: Samahani kuingilia, yangu nzito sana ina RAM 4, na mie nikloni?

mzee_chwaka: Tia SSD kwanza utaona. Ya kukloni au Windows mpya shauri lako, mie napiga mpya siku zote.

mtoto_wa_kwerekwe: Binti kweli, Recovery ipo hapo katikati, MB 530. `list partition` inaisema 4. Lakini mwenyewe anataka ibaki, kwa hiyo natafuta fleshi. Laptopu ya mtu mwengine hii, betri yake nayo sijaijaribu kama inashika chaji.

babu_malindi: Ijaribu kwanza kabla ya fleshi.